Kusoma mstari mmoja wa jedwali la regresheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila muhula wanafunzi wa hapa Mwanza wananiletea karatasi ileile: jedwali la regresheni lililotoka kwenye kompyuta, na chini yake swali linalosema "pima nadharia tete kuhusu kizigeu, toa wigo wa kuaminika wa 95%, eleza maana ya thamani ya p." Kukokotoa wanaweza. Wanapokwama ni kwenye kusema namba zile zina maana gani. Nimeyakusanya hapa maswali yao, na yote nayajibu kwa jedwali moja ili tusirukeruke.

Zoezi lenyewe ni hili. Mitumbwi 28 ya dagaa imehesabiwa ilipotia nanga Igombe asubuhi moja, baada ya usiku wa giza. Kwa kila mtumbwi tumeandika kilo za dagaa waliopatikana, idadi ya taa ulizobeba, na lita za petroli ulizotumia. Namba ni za zoezi tu, nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo usizinukuu kama takwimu za uvuvi. Jedwali limepangwa kama Stata inavyolipanga:

```
-----------------------------------------------------------------
    kilo |   Coef.  Std. Err.     t    P>|t|  [95% Conf. Interval]
---------+-------------------------------------------------------
     taa |   18.4      7.1      2.59   0.016      3.78     33.02
 petroli |    1.9      1.6      1.19   0.246     -1.40      5.20
   _cons |   41.0     38.5      1.06   0.297    -38.29    120.29
-----------------------------------------------------------------
```

Maneno mawili kabla hatujaanza. Kigeu ni kile kinachobadilika kutoka mtumbwi hadi mtumbwi: kilo, taa, petroli. Kizigeu ni namba inayozidisha kigeu ndani ya mlinganyo, yaani zile zilizo chini ya `Coef.`

Hizo 18.4 na 7.1 kwenye mstari wa taa zinasema nini?

18.4 inasema hivi: ukichukua mitumbwi miwili iliyotumia petroli sawa, mmoja ukiwa na taa moja zaidi ya mwenzake, ule wenye taa zaidi unakadiriwa kuleta kilo 18.4 zaidi kwa wastani. Maneno "iliyotumia petroli sawa" usiyaache. Petroli imo ndani ya mlinganyo, na kizigeu cha taa kimehesabiwa kwa kuizingatia. Ukiitoa petroli, hiyo 18.4 itabadilika.

7.1 ni kosa sanifu. Jina linachanganya, kwa sababu hakuna aliyekosea. Mitumbwi 28 ni sampuli. Tungeamkia asubuhi nyingine ya namna hiyohiyo tukahesabu mitumbwi mingine 28, kizigeu kisingekuwa 18.4 tena, pengine kingekuwa 12, pengine 25. Kosa sanifu linakadiria ukubwa wa huko kuyumba. Kwa hiyo mstari wa taa unakwambia mambo mawili kwa pamoja: makadirio yetu ni 18.4, na makadirio ya aina hii huyumba kwa kiasi cha 7 hivi kutoka sampuli moja hadi nyingine.

Nadharia tete naiandika vipi?

Iandike kuhusu β, kizigeu cha kweli tusichokiona, yaani kile ambacho tungekipata kama tungeweza kuhesabu mitumbwi yote ya namna hii.

H0: β ya taa = 0
H1: β ya taa ≠ 0

Wengi huandika H0: 18.4 = 0. Hilo halina maana, kwa sababu 18.4 tunaiona kwa macho kwamba si sifuri, haihitaji kupimwa. Tunachouliza ni kama kizigeu cha kweli kinaweza kuwa sifuri huku sampuli yetu ikatupa 18.4 kwa kubahatisha tu.

Naipima vipi kwa mkono?

Toa thamani iliyo kwenye H0, kisha gawa kwa kosa sanifu:

t = (18.4 − 0) / 7.1 = 2.59

Maana yake makadirio yetu yako mbali na sifuri kwa makosa sanifu 2.59. Sasa tunahitaji kujua kama umbali huo ni mkubwa. Hapo ndipo digrii za uhuru zinapoingia: idadi ya mitumbwi, toa idadi ya vizigeu vilivyokadiriwa. Vizigeu ni vitatu, maana `_cons` nayo inahesabiwa, kwa hiyo 28 − 3 = 25. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuandika 26, kwa kuwa alikariri "n − 2" siku aliyojifunza regresheni yenye kigeu huru kimoja. Hapa vipo viwili.

Kwenye majedwali ya t, kwa digrii 25 na kiwango cha 5% kilichogawanywa pande mbili, mpaka ni 2.060. Yetu ni 2.59, imevuka. Tunaikataa H0 katika kiwango cha 5%.

Kama una Excel, huhitaji kufunua kitabu:

```
=T.INV.2T(0.05, 25)
=T.DIST.2T(2.59, 25)
```

Ya kwanza inakupa huo mpaka, ya pili inakupa thamani ya p, 0.016.

Sasa hiyo 0.016 maana yake nini hasa?

Hapa tukae, maana ndipo alama zinapopotelea, na nadhani ndipo watu wengi waliosoma vizuri hubaki na uelewa uliopinda maisha yao yote.

Anza kwa kukubali, kwa muda tu, kwamba H0 ni kweli. Yaani katika mitumbwi ya namna hii, petroli ikiwa ileile, kuongeza taa hakuendani na ongezeko wala upungufu wa kilo. Kubali pia kwamba masharti mengine ya modeli yametimia. Ndani ya ulimwengu huo wa kufikirika, watu wanakwenda Igombe mara elfu, kila mara wanahesabu mitumbwi 28 na kukokotoa t. Mara nyingi t itaangukia karibu na sifuri. Mara chache, kwa bahati tu, mitumbwi yenye taa nyingi itakuwa ndiyo iliyoangukia kwenye kundi zuri la dagaa, na t itakuwa kubwa. Thamani ya p ni jibu la swali hili: katika mara hizo elfu, ni ngapi zitatoa t iliyo mbali na sifuri kama yetu au zaidi, iwe upande wa chanya au wa hasi? Jibu ni mara 16 hivi.

Basi tuna mambo mawili ya kuchagua. Ama H0 ni kweli na sisi tumeangukia mojawapo ya hizo mara 16 kati ya elfu, ama H0 si kweli. Tunachagua la pili, tukijua kwamba la kwanza halijafutika.

Angalia sasa kile ambacho 0.016 haikisemi. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa 1.6% kwamba H0 ni kweli. Hesabu nzima ilianza kwa kudhani H0 ni kweli. Haiwezi tena kugeuka na kutuambia uwezekano wa kile ilichokidhani. Fikiria mwanafunzi anayesema: "Ikiwa ni mbalamwezi, ni nadra dagaa kupatikana kwa wingi." Sentensi hiyo inaanzia kwenye mbalamwezi kwenda kwenye dagaa. Ukiigeuza na kuuliza, "dagaa wamepatikana kwa wingi, je, kuna uwezekano gani kwamba ulikuwa usiku wa mbalamwezi?", hilo ni swali lingine, na ili kulijibu unahitaji kujua pia ni mara ngapi wavuvi hutoka usiku wa mbalamwezi. Thamani ya p ni sentensi ya kwanza. Watu wanaisoma kama ya pili.

Haisemi pia kwamba taa zina athari kubwa. p ndogo inaweza kutoka kwenye athari ndogo sana iliyopimwa kwa mitumbwi mingi sana. Ukubwa uko kwenye 18.4, na kwenye wigo wake.

Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu thamani ya p, na mambo haya mawili yamo. Kama wanatakwimu wenyewe waliona lazima walitamke, mwanafunzi wa mwaka wa pili asione aibu kwamba yamemchanganya.

Kwa nini 0.05?

Ni desturi. Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, aliandika mwaka 1925 kwamba mara moja katika 20 ni mpaka unaofaa kutumika. Ukazoeleka. Ndiyo maana sipendi mtu aone 0.049 na 0.051 kama mbingu na ardhi. Andika thamani yenyewe, msomaji aione.

Programu imeniandikia 0.000. Niandike p = 0?

Hapana. Imekatwa kwenye desimali tatu. Andika p < 0.001.

Swali linasema "pima kama taa zinaongeza kilo". p ibaki ileile?

Hapo H1 inakuwa β > 0, ya upande mmoja, na jedwali limekupa ya pande mbili. Angalia kwanza alama ya kizigeu. Kwetu ni chanya, sawa na H1 inavyodai, kwa hiyo gawa p kwa mbili: 0.016 / 2 = 0.008. Kama kizigeu kingetoka hasi wakati H1 inasema chanya, usigawe tu ukaondoka. Jibu lingekuwa 1 − 0.008 = 0.992, maana data zimekwenda kinyume kabisa na ulichodai.

Jambo moja naliomba: upande uchaguliwe na swali, kabla hujaliona jedwali. Kuchagua upande mmoja baada ya kuona p ya pande mbili ni 0.08, ili ishuke iwe 0.04, ni kuidanganya hesabu.

Wigo wa kuaminika unatoka wapi, na 95% ni ya nini?

Chukua makadirio, ongeza na punguza mpaka wa t ukizidishwa na kosa sanifu:

18.4 ± 2.060 × 7.1
18.4 ± 14.6
kutoka 3.8 hadi 33.0

Jedwali linasema 3.78 na 33.02, sawasawa. Ukitumia 1.96 badala ya 2.060 utapata 4.5 hadi 32.3, na wigo wako utakuwa mwembamba kuliko unavyostahili. 1.96 ni ya sampuli kubwa. Jambo hili ndilo alilolishughulikia William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyechapisha mwaka 1908 kwa jina la kalamu Student: sampuli ikiwa ndogo, kosa sanifu lenyewe nalo ni la kukisia, kwa hiyo lazima upanue kidogo.

Sasa hiyo 95%. Chukua wanafunzi 100, kila mmoja ahesabu sampuli yake ya mitumbwi 28, kila mmoja atengeneze wigo wake kwa njia hii. Wigo zitatofautiana; mmoja atapata 3.8 hadi 33.0, mwingine 9 hadi 30, mwingine −2 hadi 24. β ya kweli haisogei, iko palepale. Tunatarajia kama 95 kati ya wanafunzi hao wawe wameifunika β ndani ya wigo zao, na watano hivi waikose. Wewe ni mmoja wa hao 100. Hujui kama umo kwenye 95 au kwenye wale watano.

Kwa hiyo 95% ni sifa ya njia. Usiandike "kuna uwezekano wa 95% kwamba β iko kati ya 3.8 na 33.0", maana wigo wako ukishatoka, β ama imo ama haimo. Andika: "tuna imani ya 95% kwamba kila taa ya ziada inaendana na ongezeko la kilo 3.8 hadi 33.0, petroli ikiwa ileile," na uwe tayari kueleza kwamba imani hiyo inatokana na njia.

Tena, wigo na kipimo cha t haviwezi kugombana. Sifuri ikiwa nje ya wigo wa 95%, p ya pande mbili itakuwa chini ya 0.05, na ikiwa ndani, p itakuwa juu ya 0.05. Ukiona kwenye karatasi yako vinapingana, umekosea hesabu mahali. Anza kukagua digrii za uhuru.

Petroli ina p ya 0.246. Niandike kwamba petroli haina athari?

Usiandike hivyo, wala usiandike "tunaikubali H0". Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi niliandika "imekubaliwa" kwenye mtihani, nikakatwa alama bila maelezo, na ilinichukua mwaka mzima kujua kwa nini.

Sababu iko kwenye wigo: −1.40 hadi 5.20. Sifuri imo, ni kweli. Lakini 4 nayo imo. Data hizi zinaafikiana na petroli isiyo na uhusiano wowote na kilo, na zinaafikiana vilevile na lita moja inayoendana na kilo nne zaidi, ambayo kwa mvuvi si kitu cha kupuuza. Kwa hiyo sentensi sahihi ni "hatuna ushahidi wa kutosha kuikataa H0." Kushindwa kuona kitu kwenye giza hakuthibitishi kwamba hakipo.

Kuna jingine la kukagua hapo. Mitumbwi mikubwa hubeba taa nyingi na pia hutumia petroli nyingi. Vigeu viwili vinavyotembea pamoja namna hiyo huifanya modeli ishindwe kutenganisha mchango wa kila kimoja, na makosa sanifu yanavimba. Utajuaje? Endesha regresheni ya petroli peke yake, kisha ongeza taa, ulinganishe kosa sanifu la petroli. Likiruka ghafla, na vigeu vyako viwili vina uhusiano mkubwa, basi p kubwa inaweza kuwa imetokana na hilo.

Mjomba wangu ana mtumbwi. Anauliza kama taa ya ziada inalipa. Nimwonyeshe p ya 0.016?

Swali hili lilinijia kutoka nyumbani, na ndilo lililonifanya nibadili ninavyofundisha. Mjomba wangu alikuwa anaanika dagaa, nikamweleza kwa furaha kwamba taa zina maana kitakwimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, kwamba taa inaleta dagaa hilo nalijua toka enzi za karabai. Mimi nauliza, inanirudishia?" Kwa hesabu zake, akijumlisha taa, betri na sehemu ya wavuvi, taa moja ilibidi ilete zaidi ya kilo 10 kwa usiku, vinginevyo anapata hasara.

Thamani ya p iliyo kwenye jedwali inajibu swali moja tu: je, β ni sifuri? Kompyuta haijui habari za kilo 10. Lakini namba za kulijibu swali la mjomba zote zimo kwenye mstari uleule. Badilisha tu H0:

H0: β ≤ 10
H1: β > 10

t = (18.4 − 10) / 7.1 = 1.18

Kwa upande mmoja, 5%, digrii 25, mpaka ni 1.708. Hatujauvuka. Kwa Excel:

```
=T.DIST.RT(1.18, 25)
```

Inatoa 0.12 na kitu. Hatuwezi kuikataa H0. Taa ileile iliyokuwa "na maana kitakwimu" dhidi ya sifuri, imeshindwa kujithibitisha dhidi ya 10.

Je, nimwambie mjomba taa hailipi? Nayo si kweli. Makadirio bora tuliyo nayo ni 18.4, juu ya 10. Wigo unaanzia 3.8, ambapo taa ni hasara, unafika 33, ambapo taa ni faida kubwa. Jibu la haki ni: "Mjomba, kwa mitumbwi hii 28 inaelekea inalipa, ila siwezi kukuhakikishia." Na ukitaka kumhakikishia, kosa sanifu lazima lipungue. Hupungua kinyumenyume na kipeuo cha pili cha idadi ya mitumbwi iliyo kwenye sampuli: ili kulifanya nusu, unahitaji mitumbwi mara nne, yaani 112. Kosa sanifu likishuka hadi 3.55 na kizigeu kikabaki 18.4, t dhidi ya 10 ingekuwa 2.37, na hapo ungekuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi waanze na wigo, kisha p. Wigo unajibu maswali mengi kwa mara moja, likiwamo ambalo mwenye mtumbwi ataliuliza.

Natumia SPSS. Kuna safu ya `B` na safu ya `Beta`. Nichukue ipi?

`B`. Ndiyo iliyo katika kilo kwa taa, na `Std. Error` iliyo pembeni ni yake. `Beta` imesanifishwa, haina kipimo. Ukiichanganya na hiyo `Std. Error` utapata wigo usio na maana yoyote. Thamani ya p iko chini ya `Sig.`

Nikigeuza kilo kuwa tani, p itabadilika?

Haitabadilika. Kizigeu na kosa sanifu vyote vinagawanywa kwa 1000, t inabaki 2.59.

Data zangu ni za usiku nne, mitumbwi saba kila usiku. Si bado ni 28?

Mistari ni 28, lakini taarifa uliyo nayo huenda ni pungufu ya hapo, na jedwali halitakuonya.

Kosa sanifu linalotolewa na kompyuta linadhani kila mtumbwi unakuja na bahati yake, bila kutegemea wa mwenzake. Dagaa hufuata mwanga wa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haufui dafu, na ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Sasa kama usiku mmoja kati ya hizo nne mwezi ulikuwa umeanza kukua, au upepo ulivuma, mitumbwi yote saba ya usiku huo ilishuka pamoja. Huna bahati saba tofauti hapo. Ikitokea pia kwamba usiku ule mbaya ndio uliokuwa na mitumbwi ya taa chache, 18.4 yako imebeba athari za mwezi ikiziita athari za taa.

Dalili yake utaiona ukichora mabaki, yaani tofauti kati ya kilo halisi na kilo zilizokadiriwa, ukiyapanga kwa usiku. Yakiwa yamechanganyika juu na chini ya sifuri kila usiku, vizuri. Usiku mmoja ukiwa na mabaki karibu yote chini ya sifuri, una tatizo. Njia rahisi kwa zoezi la darasani ni kuongeza vigeu vya usiku kwenye modeli: kigeu cha 0 na 1 kwa usiku wa pili, wa tatu na wa nne, wa kwanza ukiwa wa kulinganishia. Kizigeu cha taa kitakuwa kinalinganisha mitumbwi ya usiku mmoja. Kumbuka vizigeu sasa ni sita, digrii za uhuru zimeshuka hadi 22, na mpaka wa t ni 2.074.

Wengine wameshauriwa watumie makosa sanifu ya makundi. Ni njia nzuri makundi yakiwa mengi. Kwa usiku nne tu haiaminiki, mara nyingi hutoa makosa sanifu madogo kuliko inavyopasa.

Zoezi letu la usiku mmoja limeepuka tatizo la mwezi, lakini limelipa gharama yake: linazungumzia usiku wa giza kama ule, pale Igombe. Usilibebe hadi Ukerewe.

Naweza kuandika kwamba taa "zinasababisha" kilo kuongezeka?

Kwa data hizi, andika "zinaendana na". Hakuna aliyegawa taa kwa kura. Tajiri mwenye fedha za taa nane huenda ndiye pia mwenye wavu mpya na wavuvi wazoefu, na hivyo havimo kwenye modeli. p ingekuwa hata 0.001 isingeliondoa hilo, kwa sababu p hupima bahati ya sampuli, haipimi kigeu ulichokisahau.

Basi jibu kamili kwenye karatasi liweje?

Mimi ningeandika hivi, na nisingeongeza neno:

"H0: β ya taa = 0; H1: β ya taa ≠ 0. t = 18.4 / 7.1 = 2.59, digrii za uhuru 25, p = 0.016. Katika kiwango cha 5% tunaikataa H0. Kati ya mitumbwi iliyotumia petroli sawa, kila taa ya ziada inaendana na ongezeko la wastani la kilo 18.4 za dagaa kwa usiku, wigo wa kuaminika wa 95% ukiwa kilo 3.8 hadi 33.0. Kama kweli taa zisingekuwa na uhusiano na kilo, t iliyo mbali na sifuri kiasi hiki au zaidi ingetokea mara 16 hivi katika sampuli 1000. Wigo ni mpana, hivyo ukubwa wa ongezeko bado haujulikani vizuri. Matokeo yanahusu usiku mmoja wa giza."